Baka lisilohisi, ndara inayopotea, jicho lisilofunga: tukague wapi, na tukimbilie hospitali lini

Assalam aleikum wazee wangu. Hamjambo mama zangu, shangazi zangu, na vijana mliotoka kwenye mashamba ya chumvi na miguu bado ina weupe. Namshukuru mzee wa mtaa kwa kunipa nafasi kabla ya mazungumzo ya maji, na naomba mnisikilize hadi mwisho, maana leo sikuja na chanjo wala neti. Nimekuja na maneno, na mwisho nitamwita mtu mmoja mbele tujaribu kwa pamba.

Nikipita nyumba kwa nyumba, kutoka Mambrui hadi Gongoni na kule Ngomeni, kuna malalamiko matatu ninayoyasikia tena na tena. La kwanza: "Nina mba isiyoisha, nimepaka kila kitu." La pili: "Ndara inanitoka mguuni nami sijui imetoka lini," au, "Nina kidonda unyayoni, lakini hakiumi, kwa hiyo nimekiacha." La tatu: "Jicho langu moja linachuruzika machozi, halitulii." Mara nyingi kila lalamiko lina sababu yake ya kawaida, na nitazitaja zote nikianza na ile inayopatikana zaidi. Lakini mara nyingine ngozi, mguu na jicho vinalalamikia ugonjwa mmoja, nao ni ukoma. Kaunti yetu ya Kilifi ni kati ya sehemu za Kenya ambako wagonjwa wapya wa ukoma bado wanapatikana, na wengi wao hufika hospitali wakiwa wamechelewa, vidole vimeshapinda.

Kwa nini ngozi, mguu na jicho? Kijidudu cha ukoma hupenda sehemu za mwili zenye ubaridi. Hakipendi ndani kabisa kwenye joto la moyo na ini. Hukaa juu juu: kwenye ngozi, kwenye mishipa ya fahamu inayopita karibu na ngozi pale kiwikoni, gotini na kifundoni, na kwenye upande wa mbele wa jicho. Tena hukua polepole mno. Tangu mtu akipate hadi dalili itokee huenda ikapita miaka 5, na wengine miaka 20. Ndiyo maana mtu hawezi kukumbuka alikipata wapi, na ndiyo maana hakuna haja ya kumtafuta wa kumlaumu.

Huenea kwa pumzi, kwa watu walioishi pamoja muda mrefu na mgonjwa ambaye hajaanza dawa. Kupeana mikono hakuambukizi, wala kukaa msikitini safu moja, wala kula sinia moja siku ya harusi. Watu wengi mno wakikutana nacho miili yao hukishinda bila wao kujua. Na aliyeanza dawa haambukizi tena. Nimeyasema haya mapema kwa sababu najua mtu akishasikia neno ukoma masikio huziba, na nataka yabaki wazi.

Sasa tuingie kwenye dalili moja moja.

Dalili ya kwanza: baka la ngozi ambalo dawa ya dukani hailiondoi

Sababu inayoongoza hapa kwetu ni mba. Joto, jasho na unyevu wa pwani huilea. Ni madoadoa mengi madogo kifuani, mgongoni na shingoni, na ukikwaruza kidogo kwa kucha hutoa unga mwembamba. Baada yake ni choa, ambayo huwa na mviringo, ukingo ulioinuka, na inawasha sana. Kuna watoto ambao mashavu yao huwa na weupe mkavu usio na mpaka, na huo hupotea wenyewe wanapokua. Kuna mbalanga, ambapo ngozi hupoteza rangi ikawa nyeupe pepe kama maziwa. Kuna alama za kuzaliwa nazo. Mwishoni, nadra kuliko hizo zote, kuna baka la ukoma.

Baka la ukoma kwa ngozi zetu huwa na rangi iliyofifia au yenye wekundu wa shaba. Haliwi jeupe kabisa. Mara nyingi haliwashi na haliumi, na huko kunyamaza kwake ndiko kunakomfanya mtu alizoee. Ukiliangalia kwenye mwanga wa jua kutoka ubavuni utaona ni kavu, vinyweleo vimepungua, na jasho halitoki pale.

Kwanza fanya lile jepesi. Kama ni madoadoa yanayotoa unga au mviringo unaowasha, paka dawa ya fangasi kama ulivyoelekezwa dukani, kila siku bila kuruka, kwa wiki 4. Mba ikipona unga huisha na kuwasha hukoma, ingawa rangi huweza kuchukua miezi kurudi. Usikate tamaa kwa sababu ya rangi peke yake. Ninachowaomba msifanye ni kununua krimu za kuchanganya, zile za kujichubua au zenye dawa kali ya kuzuia uvimbe. Hizo hutuliza wekundu kwa muda na kulificha baka, kisha daktari anashindwa kulitambua.

Kama wiki 4 zimepita na hakuna kilichobadilika, au kama baka lenyewe tangu mwanzo halikuwasha, lipime kwa pamba. Hili ndilo jambo kubwa nililolijia leo, kwa hiyo nitalieleza taratibu.

Chukua pamba safi, uisokote ncha yake iwe nyembamba. Mkalishe mtu penye mwanga. Anza macho yake yakiwa wazi, mguse kwenye ngozi nzima isiyo na baka, mkononi kwa mfano, ili aelewe mnafanya nini: kila anapohisi, aweke kidole chake palepale alipoguswa. Akishaelewa, afumbe macho. Sasa gusa, mara ngozi nzima, mara ndani ya baka, bila mpangilio anaoweza kuubahatisha. Gusa mpaka ile ncha ipinde kidogo tu, kisha iondoe. Usiburute, kwa sababu kuburuta husikika hata pembeni ya baka. Usimwulize, "Unahisi sasa?" Ukimwuliza atasema ndiyo ili akufurahishe, hasa kama wewe ni mwanawe au mkewe. Nyamaza na usubiri kidole chake.

Akionyesha sawasawa ngozi nzima lakini ndani ya baka akae kimya, au akaonyesha mbali kwa zaidi ya vidole viwili, na hali hiyo ikajirudia, hapo huna mba. Baka lililopoteza hisia, penye kutilia shaka ukoma, ndiyo dalili yenye uzito kuliko zote.

Kipimo hiki kina mipaka yake. Uso una mishipa mingi, kwa hiyo baka la ukoma usoni linaweza kuhisi vizuri tu. Mtoto mdogo huchoka au hucheka, majibu yake hayategemeki. Na ipo aina ya ukoma yenye mabaka mengi, pande zote mbili za mwili, ambayo hisia hazijapotea bado. Huyo utamtambua kwa mengine: ngozi ya uso kunenepa na kung'aa, ndewe za masikio kuwa na vinundu, nyusi kunyonyoka kuanzia upande wa nje. Hao nao waende hata kama pamba wameihisi.

Msipime kwa sindano, wala kijiko cha moto, wala njiti ya kiberiti. Nimekuta mtu aliyeungua kwa sababu shemeji yake alitaka kuhakikisha.

Na mgongo na makalio nani ataviona? Mume amwangalie mke, mke amwangalie mume, mama mzee aangaliwe na binti yake anapomkanda. Mara moja kwa mwezi inatosha, mchana, si kwa tochi usiku.

Dalili ya pili: ndara inayotoka bila wewe kujua, au kidonda kisichouma

Hapa nitawaeleza habari ya mtu mmoja bila jina lake, naye ameniruhusu. Ni mwanamume wa miaka arobaini na kitu, kazi yake ni kwenye chumvi. Alikuwa na baka nje ya mguu wa kushoto, chini kidogo ya goti, upana wa vidole vitatu. Akisukuma mkokoteni mguu mzima ulitota jasho na vumbi la chumvi likagandamana nalo, isipokuwa pale kwenye baka palipobaki pakavu na safi. Wenzake walikuwa wakimtania. Yeye alipaka dawa ya fangasi miezi kadhaa, akaacha, akaanza tena. Kisha ndara ya kushoto ikaanza kumtoka. Alifika nyumbani na ndara moja, ikabidi arudi barabarani kuitafuta, na akanunua jozi mpya yenye ukanda mgumu akidhani tatizo ni ndara. Mkewe ndiye aliyeniita, kwa sababu alimsikia akitembea usiku na mguu mmoja ukigonga sakafu: tap.

Nilianza na sukari. Naomba mlishike hili, kwa kuwa mtu mzima akiwa na ganzi ya miguu, sababu ya kwanza ya kufikiria ni ugonjwa wa sukari. Ganzi ya sukari huanza vidoleni, miguu yote miwili, na hupanda polepole kama mtu anayevaa soksi. Mkoba wangu una mashine, tone moja la damu linatosha. Kipimo kikifika 11.1 au zaidi wakati wowote wa siku, na mtu ana kiu isiyoisha na anakojoa mara nyingi, huyo ni wa kupelekwa. Cha ndugu yetu kilikuwa cha kawaida.

Sababu ya pili tunayoiona, hasa kwa watoto na wazee walio kwenye nyumba za sakafu ya udongo, ni funza. Lakini funza huwasha na huuma, na ukiangalia utaona kidoa cheusi katikati ya uvimbe mweupe. Msiwachimbe kwa pini moja inayozunguka nyumba nzima. Nijulisheni, ipo dawa ya kupaka. Sababu ya tatu ni dawa ya kifua kikuu iitwayo isoniazidi, ambayo huweza kuleta ganzi kwa baadhi ya watu, na dawa yake ni vitamini anayotoa daktari. Usiache dawa za kifua kikuu kwa ajili hiyo, rudi tu useme. Pombe ya miaka mingi nayo huharibu mishipa, na mgongo ulioumia pia. Kisha ndipo ukoma.

Kumpima mguu hakuhitaji chochote zaidi ya kidole chako. Alale, afumbe macho. Mguse kwa ncha ya kidole, kwa wepesi, sekunde moja au mbili, kwenye ncha ya kidole gumba cha mguu, kidole cha kati na kidole cha mwisho. Mguu wa kulia, kisha wa kushoto. Ni sehemu sita. Aseme "kulia" au "kushoto" anapohisi. Akikosa sehemu mbili au zaidi, miguu yake imepungukiwa na hisia, na hilo ni la kupeleka zahanati hata kama anatembea vizuri. Kisha mwambie asimame atembee kwa visigino, mbele ya mguu ikiwa juu. Ndugu yetu wa kulia aliuinua, wa kushoto ukaanguka. Mshipa wa fahamu unaoinua mguu hupita juu juu pale kwenye kifundo cha mfupa kilicho nje, chini ya goti, na baka lake lilikuwa jirani tu.

Kwenye baka lenyewe nilimgusa kwa pamba mara sita, hakuonyesha hata moja. Mguu wa kulia, mahali palepale, alionyesha zote.

Hapo kazi yangu ikaishia. Sikuubonyeza mshipa, sikumpa kidonge. Nilimwandikia karatasi ya rufaa tukaenda naye. Daktari alihesabu mabaka, yakawa matatu. Mabaka yakiwa hayazidi matano, dawa za ukoma hunywewa miezi 6. Yakizidi matano, miezi 12. Dawa hutolewa bure, katika pakiti ya mwezi mzima, na ile dozi ya kwanza ya kila mwezi hunywewa mbele ya mhudumu. Kwa kuwa mguu wake ulikuwa umelegea kwa miezi kama miwili hivi, aliongezewa prednisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe, chini ya uangalizi. Mshipa ulioharibika kwa muda usiofika miezi 6 una nafasi ya kurudi, na kadiri mtu anavyochelewa nafasi hiyo hupungua. Leo mguu wake unainuka, si kama zamani, lakini ndara haimtoki. Lile baka bado halihisi. Dawa huua vijidudu, haifufui hisia iliyokwisha kufa kwenye ngozi.

Watu wa nyumbani kwake wote walikaguliwa. Mama yake mzazi alikutwa na baka mgongoni ambalo hakuwahi kuliona maishani mwake. Hakuna aliyewahi kumwangalia.

Kwa mtu ambaye ameshapoteza hisia za unyayo, kazi ya kila jioni ni moja: macho yafanye kazi ya maumivu. Kaa, uweke mguu juu ya goti, uangalie unyayo wote na katikati ya vidole. Mzee asiyeweza kuinama amwite mjukuu. Tafuta mwiba, mpasuko, lengelenge, sehemu nyekundu au yenye joto kuliko nyingine. Kabla ya kuvaa kiatu ingiza mkono ndani, kwa maana kijiwe ambacho wewe ungekitoa baada ya hatua mbili, yeye atatembea nacho mpaka shambani na kurudi. Mama zangu mnaoingia kwenye miamba kutafuta pweza, mwenye ganzi asiingie pekupeku, na mwenye ganzi ya mikono ashike sufuria kwa kitambaa hata kama anaona haimchomi.

Ngozi ya unyayo wa mwenye ukoma hukauka kwa kukosa jasho, kisha hupasuka. Loweka mguu kwenye maji ya kawaida, yasiyo ya moto, dakika 20 hadi 30, sugua magaga taratibu kwa jiwe la kusugulia, na kabla mguu haujakauka kabisa paka mafuta. Ya nazi yanatosha. Lakini ukiwa na kidonda kilicho wazi usikisugue. Na mwenye sukari asiloweke: aoshe, akaushe vizuri kati ya vidole, apake mafuta juu na chini, si kati ya vidole. Hawa wawili wanafanana kwa ganzi, ila utunzaji wao hapo unatofautiana. Wala msikate magaga kwa wembe, hata kidogo.

*Simama na uende hospitali siku hiyohiyo* kama kidonda kinanuka, kinatoa usaha, wekundu unapanda juu, kidole kimekuwa cheusi, au una homa. Pia kama mguu usio na hisia umevimba na una joto ingawa hakuna kidonda. Huo usiukanyage. Mifupa inaweza kuwa inavunjika ndani na mwenyewe husikii, kwa hiyo nenda kwa bodaboda au kwa tuktuk, usiende kwa miguu.

Dalili ya tatu: jicho jekundu, linalotoa machozi, au lisilofunga

Wavuvi wa Ngomeni wana kitu wanachokijua sana: kinyama kinachotambaa kutoka pembe ya jicho kuelekea kwenye mboni. Jua, upepo na mchanga wa miaka mingi hukileta. Hicho, pamoja na vumbi na macho mekundu ya kuambukizana, ndizo sababu za kawaida. Osha kwa maji safi, vaa kofia yenye ukingo, usisugue. Macho mekundu ya kuambukizana hutoa tongotongo, huanza jicho moja kisha la pili, na mara nyingi hupoa ndani ya wiki moja au mbili. Ukungu unaoongezeka mwaka hadi mwaka kwa mzee, bila wekundu na bila maumivu, mara nyingi ni mtoto wa jicho, na tiba yake ni upasuaji.

Nadra zaidi, jicho huchuruzika kwa kuwa kope halifungi. Mshipa unaofunga kope umelegea. Inaweza kutokea ghafla, upande mmoja wa uso ukapinda wote. Ukianza kupinda ghafla, na mkono au mguu ukalegea pamoja na uso, au maneno yakavurugika, nenda hospitali saa hiyohiyo, huenda ni kiharusi. Katika ukoma kope hulegea polepole, na mgonjwa hana habari, kwa sababu mboni nayo imepungukiwa na hisia: mchanga unaingia naye hapepesi.

Mkague hivi. Mwambie afumbe macho kwa utaratibu, kama anayesinzia, asikaze. Inama uangalie kutoka chini. Ukiona weupe wa jicho umebaki wazi, mwambie sasa akaze kwa nguvu. Anayefunga akikaza tu ana udhaifu mdogo, na kukaza huko mara nyingi kwa siku ni zoezi atakaloelekezwa. Ambaye hafungi hata akikaza ana hatari kubwa zaidi, mboni itakauka na kupata kidonda. Kisha zibeni jicho moja moja, asimame mita 6, mwonyeshe vidole ahesabu. Kuziba moja moja ni lazima. Jicho zima humficha mwenzake aliye mgonjwa, na mtu huweza kukaa mwaka mzima bila kujua.

*Usijitibu kabisa, nenda leo,* kama jicho ni jekundu na linauma, au mwanga unalichoma, au kuona kumepungua, au kuna kidoa cheupe juu ya mboni. Maziwa ya mama, maji ya sukari, majani yaliyotwangwa, matone aliyobakisha jirani: vyote viacheni. Matone yenye steroidi, yaani dawa kali ya kuzuia uvimbe, kwenye jicho lenye kidonda yanaweza kulitoboa.

Kwa walio kwenye dawa za ukoma tayari

Mkojo ukiwa mwekundu siku ya ile dozi ya kwanza ya mwezi, ni rangi ya dawa. Ngozi ikiwa nyeusi zaidi, ni dawa pia, na hurudi taratibu baada ya kumaliza. Watu wameacha dawa kwa sababu ya hayo mawili.

Lakini mabaka yakivimba ghafla na kuwa mekundu, au vinundu vyenye maumivu vikatokea na homa, au ukasikia maumivu kiwikoni au gotini na mkono ukaanza kulegea, hiyo si dawa kukukataa, wala si ugonjwa kurudi. Ni kinga ya mwili inapambana na vijidudu, hata vilivyokufa, na mshipa unaumia katikati. Huweza kutokea kabla ya dawa, wakati wa dawa, au baada ya kumaliza. Endelea na dawa zako na ufike kituoni ndani ya siku moja au mbili. Mshipa unaweza kupotea kwa siku chache.

Ukifika kituoni

Wahudumu wengi vijana hawajaona ukoma zaidi ya kwenye vitabu, nao wana foleni ndefu. Usiseme tu, "Nina mba." Ukisema hivyo utapewa dawa ya mba, na ni haki yao. Sema, "Nina baka hili tangu wakati fulani, nimepaka dawa ya fangasi wiki 4, na nikiguswa kwa pamba sihisi." Vua nguo uonyeshe yote, pamoja na miguu. Akikuandikia krimu bila kuligusa baka, mwombe kwa heshima aliguse. Asipokuwa na nafasi, njoo kwangu, nitakuandikia rufaa ya hospitali ya Malindi kwa mratibu wa kifua kikuu na ukoma. Magonjwa hayo mawili huhudumiwa chini ya mpango mmoja, kwa hiyo usishangae ukielekezwa kliniki ya kifua kikuu.

Ikithibitika ni ukoma, rudi na majina ya wote mnaolala nyumba moja. Watakaguliwa ngozi, na wasio na dalili wanaweza kupewa dozi moja ya rifampisini ya kuwakinga, daktari akiona inawafaa. Walioondoka kwenda Mombasa au Nairobi wapigieni simu nao wajiangalie.

Haya, mama Sidi, njoo mbele na mkono wako. Pamba hii hapa, na wewe kijana mwenye kofia, ndiye utakayempima.